Msiba, Aprili 15 na Barua kwa IRS

Kila mwaka wahasibu wanaowahudumia Waafrika Mashariki wa Dallas, Minneapolis au Columbus hupokea barua ya aina moja ili waisome kabla haijatumwa. Mwandishi amefiwa, amesafiri kwenda kuzika, amerudi na kuwasilisha ritani yake ya kodi baada ya muda kupita, kisha Mamlaka ya Mapato ya Marekani, IRS, imemletea notisi yenye adhabu. Barua yenyewe kwa kawaida imeandikwa vizuri. Inaeleza marehemu alikuwa nani, alivyowalea watoto wake, na jinsi familia ilivyoyumba. Na mara nyingi hujibiwa kwa hapana.

Hukataliwa kwa sababu inajibu swali ambalo halikuulizwa. Ofisa anayeisoma hana kazi ya kupima uzito wa huzuni, wala hana kipimo chake. Anataka kujua jambo moja: je, kifo hiki ndicho kilichozuia ritani hii isifike siku ile, na je, kizuizi kilipoondoka mlipakodi alichukua muda gani kutimiza wajibu? Barua inayoshinda ni mlolongo wa tarehe zenye ushahidi, kutoka siku ya mwisho ya kuwasilisha mpaka siku ritani ilipotumwa. Palipo na pengo katika mlolongo huo ndipo barua inapokatikia, na pengo la kawaida kabisa halimo ndani ya msiba. Limo katika wiki zinazofuata baada ya mfiwa kurudi kazini.

Tuanze na kinachoombewa msamaha. Mtu asiyewasilisha ritani kwa wakati hutozwa asilimia 5 ya kodi aliyobaki akidaiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, mpaka kikomo cha asilimia 25. Asiyelipa kwa wakati hutozwa nusu ya asilimia moja kwa mwezi. Adhabu mbili zikigongana katika mwezi mmoja, ya kuwasilisha hupunguzwa kwa kiasi cha ile ya kulipa, kwa hiyo mlipakodi hulipa jumla ya asilimia 5 na si tano na nusu. Neno la kuangalia hapo ni "aliyobaki akidaiwa". Ambaye kodi yake yote ilikwishakatwa kwenye mshahara, na anayesubiri kurudishiwa fedha, hana adhabu ya asilimia hata akichelewa miezi miwili, maana asilimia ya sifuri ni sifuri. Wapo wafiwa wanaokesha wakitunga barua ya kuomba msamaha wa adhabu ambayo haipo.

Kwa upande wa pili, mwenye deni dogo anaweza kuumia kupita kiasi. Ritani ikichelewa zaidi ya siku 60 kuna adhabu ya chini kabisa: kwa ritani zilizotakiwa mwaka 2024 ilikuwa dola 485 au kodi yote inayodaiwa, yoyote iliyo ndogo. Aliyekuwa anadaiwa dola 300 akapitisha siku 60 hutozwa adhabu ya dola 300 nyingine. Kwa mtu aliyekaa nyumbani mpaka arobaini ikapita, siku 60 haziko mbali.

Sheria inaruhusu adhabu hizi zifutwe ikiwa mlipakodi ataonyesha kwamba kuchelewa kulitokana na sababu ya maana na si kupuuza kwa makusudi. Kanuni zinaongeza kipimo: awe alitumia uangalifu wa kawaida wa mtu makini katika shughuli zake, na hata hivyo akashindwa. Ruhusa ya namna hii si kitu cha kudhani kipo kila mahali. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilimwondolea Kamishna wa KRA mamlaka aliyokuwa nayo ya kusamehe adhabu na riba kwa maombi ya mtu mmoja mmoja, ikaleta kipindi cha msamaha wa jumla kwa madeni ya zamani. Anayetoka huko akifika Marekani huenda asijue kabisa kwamba barua yake inaweza kusomwa. Mwingine hudhani kinyume, kwamba kifo ni udhuru unaojitosheleza. Hakijitoshelezi.

Mwongozo wa ndani wa IRS, ambao umewekwa wazi kwa umma, una kifungu kinachohusu kifo, ugonjwa mzito na kutokuwepo kusikoepukika. Unamwelekeza ofisa aangalie uhusiano wa mlipakodi na marehemu, tarehe ya kifo, tarehe na uzito wa ugonjwa kama ulikuwepo, jinsi tukio lilivyomzuia mlipakodi, kama shughuli zake nyingine nazo zilikwama, na kama alishughulikia kodi haraka baada ya kifo. Mambo hayo sita ndiyo barua. Kila sentensi isiyogusa mojawapo ni mzigo kwa msomaji aliye na rundo la barua mezani.

Jambo la uhusiano lina mtego kwa watu wa kwetu. Mwongozo unapotaja familia ya karibu unaorodhesha mume au mke, ndugu, wazazi, babu na bibi, na watoto. Baba mdogo hayumo. Shangazi hayumo, mjomba hayumo. Mtu aliyelelewa na baba yake mdogo tangu darasa la kwanza, akasomeshwa naye na kutolewa mahari naye, atajisikia anasema kweli tupu akiandika kwamba baba yake amefariki. Lakini barua hiyo inatiwa saini chini ya tamko la adhabu ya kusema uongo, na cheti cha kuzaliwa cha mwandishi kikiambatishwa kitakuwa na jina la baba mwingine. Ofisa akiona majina mawili hataanza kutafiti ukoo wa Kiafrika. Atatilia shaka barua nzima. Ni salama zaidi, na ina nguvu zaidi, kuandika kwamba marehemu alikuwa mdogo wa baba mzazi, kwamba alimlea mwandishi tangu mwaka fulani baada ya baba kufariki, na kwamba kwa sababu hiyo mwandishi ndiye aliyesimamia mazishi. Orodha ya mwongozo inamwonyesha ofisa wapi aanzie. Haimkatazi kusikiliza habari ya mlezi, ila mzigo wa kueleza unakuwa wa mwandishi.

Hata kwa mzazi wa kumzaa, majina yanaweza kuleta utata. Wengi wetu tuna majina matatu, na lile la mwisho kwenye pasipoti ya Marekani linaweza kuwa la babu, huku cheti cha kifo cha baba kikiishia na jina la ukoo. Cheti cha kuzaliwa huunganisha pande mbili. Karatasi hiyo moja wengi huisahau.

Sasa tarehe. Kifo cha wiki mbili kabla ya Aprili 15 kina nguvu. Kifo cha mwanzoni mwa Februari kinadhoofika kila wiki inayopita, labda kama mwandishi ndiye aliyebaki kushughulikia mirathi au mjane mgonjwa. Na kifo cha Aprili 20 hakielezi kwa nini ritani haikutumwa Aprili 15. Kinachoweza kueleza ni ugonjwa uliotangulia, kama mwandishi alikuwa amesafiri kuuguza, na hapo ushahidi unaohitajika ni wa hospitali kabla ya kuwa wa makaburini.

Upande wa pili wa tarehe ndio mgumu zaidi kuueleza kwa msomaji wa Kimarekani: kwa nini mazishi yachukue mwezi mzima? Kwake yeye mazishi ni shughuli ya siku chache, na waajiri wengi huko hutoa likizo ya msiba ya siku tatu hivi. Kumwandikia kwamba "mila zetu zinataka hivyo" hakumsaidii, maana mila haijibu swali la kilichokuzuia. Anachoelewa ni kazi: kusafirisha mwili kutoka Dar es Salaam mpaka Kilimanjaro, kupata kibali cha kuzika, kukaa kwenye kikao cha ukoo kilichoteua msimamizi wa mirathi, kwenda benki na mahakama ya mwanzo. Mila ikielezwa kama majukumu yenye tarehe inakuwa ushahidi.

Mfano wa eda unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mjane Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mume akifariki Machi 20, eda inavuka Aprili 15 na kufika mwishoni mwa Julai, na mtu angedhani hapo hoja imekamilika. Lakini ofisa atauliza kimoyomoyo: kukaa nyumbani kunamzuiaje mtu kutuma ritani kwa kompyuta? Swali ni la haki. Hoja ya mjane huyo ina nguvu pale anapoonyesha kwamba mumewe ndiye aliyekuwa akishughulikia kodi za wote wawili, kwamba nywila na karatasi za biashara alikuwa nazo yeye, na kwamba ilimchukua mpaka tarehe fulani kuzipata. Eda inaeleza kwa nini hakuweza kuzifuatilia ofisini mwenyewe. Kilichozuia ritani ni karatasi.

Swali hilohilo la kompyuta linamkabili kila msafiri. Fomu 4868 huomba muda mpaka Oktoba 15, haitaki sababu yoyote, na hujazwa kwa dakika chache hata kwa simu. Kwa nini basi hukuijaza ukiwa kwenye ndege au uwanjani? Barua isiyojibu hili inamwachia ofisa ajibu mwenyewe. Jibu la kweli huwa rahisi: mtu ambaye baba yake yuko mochwari hana kodi kichwani, na nambari zote za kukadiria deni zilibaki nyumbani. Liandikwe hivyo, kwa sentensi moja, bila kujitetea kupita kiasi. Na ieleweke kwamba fomu hiyo huongeza muda wa kuwasilisha tu. Muda wa kulipa unabaki uleule, kwa hiyo aliyeijaza bila kulipa bado atakuta adhabu ndogo ya kuchelewa kulipa.

Kuna kesi moja ambayo kila anayeandika barua hizi anapaswa kuijua, na inahusu msiba. Mwaka 1978 Robert Boyle wa Illinois alifiwa na mama yake na akawa msimamizi wa mirathi. Alimkabidhi wakili kazi ya ritani ya kodi ya mirathi, akampa nyaraka zote, na akawa akimpigia simu kuulizia. Wakili alisahau kuandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ofisi yake. Ritani ilichelewa miezi mitatu, na adhabu ikawa dola 17,124.45. Boyle alilipa, akashtaki kudai arudishiwe, akashinda katika mahakama ya chini na ya rufaa. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua ushindi huo: wajibu wa kujua tarehe ya mwisho na kuitimiza ni wa mlipakodi mwenyewe, hauhamishiki kwa wakala. Tangu hapo sentensi ya "mhasibu wangu alichelewa" haifuti adhabu, hata mlipakodi akiwa mfiwa. Kwenye barua, kila tendo liandikwe kama tendo la mlipakodi: nilimtumia karatasi tarehe hii, nilimkumbusha tarehe hii, nilisaini tarehe hii. Hata hivyo majaji wanne walieleza katika maoni ya pembeni kwamba kesi ile haikugusa watu ambao kwa ugonjwa au kudhoofika hawakuwa na uwezo wa uangalifu wa kawaida. Kwa mfiwa aliyeanguka kwa sonona na kutibiwa, mlango huo haujafungwa, ila ufunguo wake ni maelezo ya daktari yenye tarehe.

Kabla ya kuandika chochote, upo mlango mwingine. IRS ina utaratibu wa kufuta adhabu kwa kosa la kwanza, ambao hauhitaji kifo wala sababu. Unataka miaka mitatu iliyotangulia iwe safi, yaani bila adhabu ya maana, ritani zote zilizotakiwa ziwe zimewasilishwa, na kodi iwe imelipwa au mpango wa kulipa kwa awamu upo. Mara nyingi hutolewa kwa simu, kwa nambari iliyo kwenye notisi. Na huangaliwa kwanza: hata ukileta cheti cha kifo, ofisa akikuta unastahili msamaha wa kosa la kwanza atatumia huo. Sioni ubaya wa kuutumia, lakini ukishautumia miaka mitatu ijayo hautakuwepo. Karatasi za msiba zisitupwe kwa sababu simu ilifanikiwa. Adhabu ya kuchelewa kulipa inaweza kuendelea kuhesabiwa mpaka deni liishe, na mazungumzo yakafunguka upya.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni wa mtu ambaye mlango huo umefungwa. Ni muuguzi wa Dallas, kifungua mimba kwao, mwenye mshahara wa hospitali na zamu za mkataba kupitia wakala. Ritani yake ya mwaka 2021 ilichelewa na alitozwa, kwa hiyo kwa ritani ya 2023 hana msamaha wa kosa la kwanza. Baba yake alipata kiharusi Moshi Machi 26, 2024, akafariki Aprili 2. Muuguzi aliondoka Dallas Aprili 3, akazika Aprili 10, akarudi Mei 6. Ritani aliituma Juni 10 akiwa na deni la dola 6,000 ambalo alilipa siku hiyohiyo.

Hesabu ya IRS inakwenda hivi. Aprili 15 mpaka Mei 15 ni mwezi wa kwanza. Mei 16 mpaka Juni 10 ni sehemu ya mwezi, nayo huhesabiwa mwezi mzima. Kuchelewa kuwasilisha ni asilimia 9 kwa miezi miwili, dola 540. Kuchelewa kulipa ni asilimia 1, dola 60. Jumla ni dola 600, na juu yake riba, ambayo mwaka huo ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, yaani dola sabini na kitu juu ya kodi yenyewe. Siku 60 hazikupita, kwa hiyo adhabu ya chini haimhusu.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na aya nne za baba na aya moja ya kodi. Ilimalizika kwa kusema kwamba kwa sababu ya huzuni kubwa hakuweza kufikiria mambo ya kodi mpaka Juni. Ofisa angesoma hivi: alirudi Mei 6, hati za mwajiri zinaonyesha alianza zamu Mei 8, kwa hiyo mtu aliyeweza kuhudumia wagonjwa saa kumi na mbili kwa siku hakuweza kujaza ritani? Hapo ndipo maombi mengi hufia. Mahakama ya Kodi ya Marekani imerudia mara nyingi kwamba aliyeweza kuendelea na shughuli zake za kipato hawezi kusema alishindwa kodi pekee. Muuguzi huyu ana siku 35 za kueleza, na huzuni peke yake haizielezi hata kama ni ya kweli.

Alipokaa na kupekua barua pepe zake, siku zile zilianza kupata sura. Mei 9 alimwandikia wakala wa zamu, kwa sababu fomu yake ya 1099-NEC ilionyesha malipo ambayo hakuyapokea. Mei 17 alikumbusha. Mei 30 wakala akamtumia iliyosahihishwa. Juni 3 alimkabidhi mhasibu kila kitu, Juni 10 akasaini. Hakuna tarehe hata moja ya ajabu, na zote zilikuwa kwenye simu yake wakati anaandika rasimu ya kwanza. Barua aliyotuma, ambayo kwa IRS aliiandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Yah: Ombi la kufutiwa adhabu ya kuchelewa kuwasilisha na kuchelewa kulipa, mwaka wa kodi 2023, notisi CP14.

Naomba adhabu ya dola 540 ya kuchelewa kuwasilisha na ya dola 60 ya kuchelewa kulipa zifutwe kwa sababu ya maana. Baba yangu mzazi alipata kiharusi Machi 26, 2024 mjini Moshi, Tanzania, akafariki Aprili 2 (kiambatisho A, cheti cha kifo, kiambatisho B, cheti changu cha kuzaliwa). Niliondoka Dallas Aprili 3 na kurudi Mei 6 (kiambatisho C, tiketi na mihuri ya pasipoti). Mimi ni mtoto wa kwanza. Nilisimamia mazishi ya Aprili 10, na Aprili 22 kikao cha familia kiliniteua kushughulikia mirathi. Aprili 29 nilifika mahakamani kwa ajili hiyo (kiambatisho D). Katika kipindi hicho sikufanya kazi wala kulipwa (kiambatisho E, barua ya mwajiri), na kodi ya nyumba ya Mei niliilipa kwa kuchelewa (kiambatisho F).

Karatasi zangu za kodi zilikuwa Dallas. Sikuomba kuongezewa muda kwa sababu baba alifariki siku kumi na tatu kabla ya tarehe ya mwisho, na nilikuwa safarini au msibani muda wote huo.

Nilirudi Mei 6. Mei 9 nilimwomba wakala asahihishe fomu ya 1099-NEC, nikamkumbusha Mei 17, nikaipata Mei 30 (kiambatisho G). Nilimkabidhi mtayarishaji karatasi Juni 3, nikawasilisha na kulipa kodi yote Juni 10.

Ritani yangu ya 2021 ilichelewa kwa sababu isiyohusiana na hii. Ritani ya 2022 niliwasilisha na kuilipa kwa wakati.

Natamka, nikijua adhabu ya kusema uongo chini ya kiapo, kwamba maelezo haya ni ya kweli, sahihi na kamili kwa kadiri ya ufahamu wangu."

Angalia kilichobaki kuhusu baba: mzazi, kiharusi, tarehe mbili. Hili huwauma waandishi wengi, na naelewa kwa nini. Kufupisha mtu kiasi hicho kunafanana na kumkana. Lakini tamko la rambirambi lina mahali pake, na hapa si mahali pake.

Angalia pia kodi ya nyumba iliyochelewa. Watu huficha mambo hayo kwa aibu, kumbe ndiyo yanayojibu kifungu cha shughuli nyingine zilizokwama. Na ile sentensi ya mwaka 2021 imewekwa kwa makusudi. Ofisa ataiona rekodi kwenye skrini yake hata isipotajwa, na mwenye kuitaja mwenyewe haonekani kama aliyekamatwa. Tamko la mwisho nalo si mapambo: kanuni zinataka maelezo ya sababu yaandikwe yakiwa na tamko hilo, na barua isiyo nalo inaweza kurudishwa.

Adhabu ya kuchelewa kulipa ina ugumu wake. Msiba unaeleza kwa nini karatasi hazikujazwa, lakini fedha zilikuwa wapi? Ikiwa zilikwenda kwenye tiketi, mochwari, jeneza na chakula cha waombolezaji, ambatisha risiti na taarifa ya benki. Kukosa fedha peke yake hakukubaliki kuwa sababu. Kilichosababisha zikosekane kinaweza kukubaliwa. Ambaye fedha alikuwa nazo benki muda wote aombe, ila asishangae akifutiwa dola 540 na kubakiziwa 60.

Kuhusu cheti cha kifo, Tanzania Bara hutolewa na RITA, na familia nyingi huchelewa kukichukua kwa sababu kibali cha kuzika kilitosha kwa mazishi. Mwambie aliyebaki nyumbani akifuatilie mapema. Wakati kinasubiriwa, taarifa ya kifo ya hospitali pamoja na kibali cha kuzika vinaweza kutangulia, barua ikisema cheti kitafuata. Hati yoyote iliyo kwa Kiswahili iende na tafsiri yake na jina la aliyetafsiri. Programu ya maziko ya kanisani yenye picha na ratiba inasaidia kuonyesha tarehe na nafasi yako katika familia, ingawa haiwezi kusimama badala ya cheti. Tuma nakala, baki na hati halisi.

Barua hupelekwa kwenye anwani iliyo kwenye notisi, pamoja na nakala ya notisi yenyewe, kwa posta ya rejista. Aliyekwisha kulipa adhabu hutumia Fomu 843 kudai arudishiwe, ndani ya miaka mitatu tangu awasilishe ritani au miwili tangu alipe, muda wowote unaoisha baadaye kati ya hiyo miwili. Ombi likikataliwa, barua ya kukataa huja na haki ya kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa cha IRS, kwa kawaida ndani ya siku 30. Waliomo kwenye kitengo hicho wanaruhusiwa kupima uwezekano wa serikali kushindwa mahakamani, uhuru ambao ofisa wa kwanza hana, na ndiyo maana mlolongo uleule wa tarehe uliokataliwa chini huweza kukubaliwa juu. Usiandike hadithi mpya kwenye rufaa. Ongeza karatasi.

Riba juu ya kodi yenyewe haifutwi kwa sababu ya kifo. Riba iliyozaliwa na adhabu huondoka pamoja na adhabu. Na yote haya ni ya serikali kuu. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo muuguzi wa Dallas alimaliza kwa barua moja. Mwenzake wa Minneapolis au Columbus anadaiwa pia na jimbo, ambalo lina kanuni zake, fomu zake na ofisa wake, na uamuzi wa IRS hauifungi ofisi ile. Atahitaji barua ya pili yenye viambatisho vilevile.